Wakuu wa Kifaransa, c'est na il est mnazitofautishaje? Karatasi yangu imejaa wino mwekundu

binti_mbagala

Habari zenu wakuu. Najiandaa na mtihani wa Kifaransa wa DELF, ngazi ya A2, mambo mengine naenda nayo hivyo hivyo ila kwenye kuelezea watu ndo napigwa. Ticha alitupa zoezi la kumuelezea ndugu mmoja, mi nikamuandika mjomba wangu anaendesha maroli ya Kongo, jina nimelibadili msije mkaanza kumtafuta:

> Voici mon oncle. C'est Rashidi. Il est un chauffeur de camion. C'est tanzanien mais il habite à Lubumbashi. Il est un homme calme. Ses amis, ils sont des chauffeurs aussi. Son camion est vieux mais c'est propre. J'aime mon oncle parce que c'est gentil.

Kazungushia sehemu sita na wino mwekundu, juu kaandika "c'est / il est !!" basi, maelezo hamna. Yani nilipoweka c'est anataka il est, nilipoweka il est anataka c'est, kama makusudi vile. Halafu "C'est Rashidi" kaipa tiki wakati Rashidi naye ni mtu. Kwa Kiswahili ningeandika "ni dereva, ni Mtanzania, ni mpole" na maisha yanaendelea, sasa hawa wenzetu shida yao nini? Naombeni mnieleweshe taratibu.

chalii_wa_njiro

Dada hii mbona simpo. C'est ya vitu, il est na elle est za watu. C'est une table, il est grand. Kariri hiyo umemaliza, usijisumbue na vitabu.

binti_mbagala

Sasa kaka C'est Rashidi mbona kaipa tiki? Na il est un homme calme kazungushia, na huyo ni mtu kabisa

chalii_wa_njiro

Labda alikua kachoka kusahihisha 😂 mi nilifundishwa hivyo na nilipata 68 kwenye mtihani

wambo254

Hii kitu ilinisumbua pia. C'est inaandikwa na apostrofi juu ni ce na est zimeungana, halafu kuna ces ya wingi, ses ya "zake" na s'est ya vitenzi kama il s'est levé. Zote unasikia sauti moja so lazima uangalie maana ndo uandike. Mimi nilikua natengeneza kadi nabandika kwa ukuta ya jikoni.

binti_mbagala

Asante wambo ila hiyo ya spelingi naiweza, shida yangu ni nichague c'est au il est

wambo254

Aaah nimesoma haraka. Wacha nikae hapa nisome pia basi

mama_kange

Binti, nimefundisha Kifaransa sekondari mpaka nikastaafu na kosa lako hili nimelisahihisha mpaka mkono ukachoka, kwa hiyo huyo mwalimu wako namuelewa kwa nini hakueleza. Ila tuanze na kumtoa chalii barabarani kwanza. Mwanangu, "c'est ya vitu" ingekua kweli basi Mfaransa asingeweza kumtambulisha mama yake. C'est ma mère. C'est mon frère. C'est le directeur. Wote hao ni watu wenye damu na mishipa.

Acha kuangalia unamuongelea nani. Angalia neno linalokuja BAADA ya est. Ukiona kuna un, une, des, le, la, les, mon, ma, sa, notre, hivi vijineno vinavyotangulia jina la kitu au mtu, unaandika c'est. Ukiona baada ya est kuna sifa peke yake, au kazi imekaa uchi bila kijineno chochote mbele yake, unaandika il est au elle est. Jina la mtu kama Rashidi nalo linachukua c'est, na moi, lui, nous vile vile, ndo maana mtu akigonga mlango unajibu c'est moi.

Sasa chukua karatasi yako tupite. Il est un chauffeur: kuna un hapo, na il na un hawakai nyumba moja. Una njia mbili, utoe un ubaki na Il est chauffeur de camion, au uitoe il uweke C'est un chauffeur de camion. Kwa hapo mimi ningechukua ya kwanza kwa sababu unataja kazi yake tu. Il est un homme calme: hapa huwezi kutoa un, hakuna anayesema "il est homme calme", kwa hiyo inayotoka ni il, inakua C'est un homme calme. C'est tanzanien: baada ya est kuna sifa tupu, kwa hiyo Il est tanzanien, na angalia t ndogo. Ukiandika C'est un Tanzanien hapo ni mtu, T inakua kubwa.

Nimepumzika kidogo, chai inapoa. Hizo za roli na gentil nitarudi nazo.

binti_mbagala

Mama Mungu akubariki. Kwa hiyo kumbe sentensi zenyewe zote nilikua nazo ila nimezigeuza geuza

chalii_wa_njiro

Haya mama nimekubali kwa mama yake. Lakini sasa nikisema Mon oncle est un homme calme, hapo kuna un na sijaweka c'est, mbona ticha wetu alikua anakubali?

mama_kange

Swali zuri hilo. Hiyo iko sawa kabisa. Ugomvi ni kati ya un na kale ka-il au ka-elle tu. Ukitaja mhusika kwa jina lake, Mon oncle est, Amina est, la voisine est, unaruhusiwa kuweka chochote mbele: Amina est infirmière, Amina est une bonne infirmière. Ukishamgeuza Amina kuwa elle ndo mlango unafungwa, elle est infirmière ndiyo, ila elle est une bonne infirmière inageuka kuwa c'est une bonne infirmière. Binti hii ikutoshe kama mlango wa dharura kwenye mtihani, ukikwama rudisha jina.

PapaGoma

Jambo yenu. Mi ni wa Goma, Kifaransa tunasomea ndani yake toka shule ya msingi, sheria sijawahi kuzisoma kama mama anavyozipanga lakini sikio linajua. Na sikio langu linaniambia il est chauffeur na c'est un chauffeur si kitu kimoja, watu banazichanganya kama vile ni kuchagua nguo tu.

Fikiria umekaa ndani, mtu anagonga, mtoto anachungulia dirishani, unamuuliza c'est qui? Mtoto atajibu C'est un policier. Hawezi kuanza na Il est policier, kwa sababu huyo "il" hatujamjua bado ni nani. Lakini mkiwa mnaongea juu ya shemeji yako ambaye wote mnamjua, mtu akauliza siku hizi anafanya nini, unajibu Il est policier. Ya kwanza inakuonyesha huyu ni nani, ya pili inaongeza habari kwa mtu ambaye tayari yuko mezani.

Na kuna ingine ya hatari kidogo. Il est clown, huyo ana kazi ya sarakasi, anapaka rangi usoni na analipwa. C'est un clown, inaweza kuwa hiyo hiyo, ila mara nyingi ni bosi wako au mwanasiasa fulani unamsema vibaya, mtu wa mchezo mchezo. Il est boucher anauza nyama. C'est un boucher ukimsema daktari wa upasuaji basi kimbia hospitali hiyo. Il est comédien ni mwigizaji, c'est un comédien kuna uwezekano mtu anajifanya analia. Ukiweka un unamuweka mtu kwenye aina ya watu, sio kwenye ajira tu.

wambo254

Wee hiyo ya boucher imeniua 😂😂 so nikisema boss wangu c'est un artiste anaweza kasirika?

PapaGoma

Inategemea unasema na sura gani. C'est un artiste inaweza kuwa sifa kubwa kabisa, au ndiye yule hafiki saa na karatasi zake hazionekani. Il est artiste haina mambo hayo.

mama_kange

PapaGoma umesema vizuri, hiyo ya boucher sijawahi kuipata darasani na ningeipenda. Niongezee tu hapo hapo, kwenye kukanusha un haigeuki kuwa de. Watoto wetu wanajua je n'ai pas de voiture basi wanaandika "ce n'est pas de médecin". Hapana. Ce n'est pas un médecin, un inabaki ilipo. Na hiyo ukiitamka na uzito fulani maana yake huyu anajiita daktari ila si daktari, wakati Il n'est pas médecin ni taarifa tu, kazi yake nyingine.

binti_mbagala

Nauliza kitu, tuseme nataka kusema dereva MZURI. Nimeandika il est bon chauffeur nikatoa un kama mlivyosema. Sawa?

chalii_wa_njiro

Sawa kabisa, kazi bila un, si ndo mama kasema

mama_kange

Chalii unakimbia tena. Kazi tupu ndo inakaa bila un. Ukishaiwekea sifa ya kuipima, mzuri, hodari, mbovu, maarufu, un inarudi na ikirudi inaburuta c'est: C'est un bon chauffeur. C'est un excellent médecin.

Ila tazama hii, maana hapa ndo wanafunzi wangu walikua wananiona mwongo. Il est médecin généraliste, haina un na iko sawa. Il est ingénieur civil, sawa. Elle est professeure de maths, sawa. Kwa nini généraliste inapita na excellent haipiti? Kwa sababu généraliste haimsifii mtu, inataja kazi yenyewe ni ipi, ingeweza kuandikwa kwenye kitambulisho chake cha kazi. Hakuna kitambulisho kinachoandika "daktari hodari". Jiulize hilo, hii sifa ingeandikwa kwenye kitambulisho? Ikiwa ndiyo, il est inabaki. Chauffeur de camion inapita hapo.

Il est bon chauffeur utaisikia kwa watu, na il est bon élève ndo kabisa iko mpaka kwenye ripoti za shule, siwezi kukwambia haipo. Ila kwa A2 usiicheze.

guide_forodhani

Asalaam aleykum, mi naongoza wageni Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, Kifaransa nimejifunza kwa kusikiliza. Hii ya mtu na kazi naona imeeleweka, mimi shida yangu vitu. Mfano nikifika mbele ya Beit al Ajaib nasema C'est le palais des Merveilles, c'est construit en 1883 par le sultan Barghash, c'est grand, c'est fermé. Mgeni mmoja mama wa makamo akanambia vous dites beaucoup c'est. Sasa sijui ilikua sifa au nini

mama_kange

Wa aleykum salaam. Alikua anakuchokoza huyo 😊 ila ana hoja. C'est ya kwanza iko mahali pake, unawaonyesha kwa kidole, C'est le palais des Merveilles. Ukishawaonyesha, jengo limeshapata jina, na palais ni la kiume, kwa hiyo endelea na il: Il a été construit en 1883, il est très grand, il est fermé depuis l'effondrement. Ukienda kwenye nyumba unasema C'est une ancienne maison de marchand, elle est en pierre de corail. Elle, kwa sababu maison ni la kike. Ni mwendo ule ule wa PapaGoma wa mtu mlangoni, c'est inamleta, il au elle inaendelea naye.

Hapo "c'est construit" kwa tarehe ndo mbaya kuliko zote, maana kitu kilijengwa zamani. Il a été construit, au kwa kifupi il date de 1883.

guide_forodhani

Shukran. Sasa shambani je? Nikiwakatia embe nawauliza c'est bon? wote wanajibu c'est bon! hakuna anayesema elle est bonne, na mangue ni la kike naijua

PapaGoma

Kaka hapo wewe na wageni wako wote mko sawa. Ukionja kitu unasema c'est bon, unasema ile ladha, ile hali nzima ya mdomoni, sio kile kipande. Elle est bonne, cette mangue, inasemwa pia, hapo mtu ameshika embe hiyo na labda ya jana ilikua chachu.

Na ukisema juu ya maembe kwa ujumla ni c'est tena: Les mangues, c'est bon. Angalia bon imebaki ya kiume na ya umoja ijapokuwa mangues ni ya kike na ni mengi. Le clou de girofle, c'est fort. La mer, c'est beau. Ukigeuza, Les mangues, elles sont bonnes, mtu anageuka anatafuta maembe yako wapi, maana umetaja yale yaliyopo.

Ila vijana niwape ushauri wa bure. Elle est bonne uiweke kwa embe, supu na maji ya kuogelea. Usimwambie mtu juu ya dada yake ukidhani unasema ni mwema. Kwa mwanamke maneno hayo yanageuka ya kitandani. Elle est gentille, basi, uende salama.

chalii_wa_njiro

😳 sasa hii ndo ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza wa kitabu

wambo254

Wacha nifute meseji moja haraka

binti_mbagala

😂😂😂 wambo pole. Kwa hiyo hiyo ndo sababu ya "parce que c'est gentil" kuzungushiwa? Naona inafanana

mama_kange

Inafanana ndiyo. Sarufi ya c'est gentil haina kosa, ina maana nyingine. Jirani akikuletea sahani ya futari unamwambia c'est gentil, yaani KITENDO hiki ni cha wema. Mtu mwenyewe ni il est gentil. Ukiandika "nampenda mjomba parce que c'est gentil" Mfaransa anaelewa kwamba kumpenda mjomba ni tendo la huruma, kama unamsaidia vile maskini. Ndo hivyo kwa sifa zote zikibaki peke yake: c'est intéressant ni jambo, il est intéressant ni mtu. C'est bizarre ni hali, il est bizarre ni yule bwana.

Na ukirekebisha usisahau parce que ikikutana na il inakua parce qu'il.

binti_mbagala

Sasa na roli? Son camion est vieux mais c'est propre. Roli ni kitu, si ndo c'est bon ya embe?

mama_kange

Roli ni la mjomba wako, lile lile umelitaja sekunde moja nyuma, na camion ni la kiume. Il est propre.

PapaGoma

Mama hapo mi nakataa kidogo. Mimi ningesema mais c'est propre na hakuna mtu angenishangaa. Nikisema hivyo naongea ya ndani, viti, harufu, kwamba ukipanda ni mahali safi.

mama_kange

Kusema, ndiyo. Lakini umeona mwenyewe maana inahama kutoka kwenye roli kwenda kwenye "mahali". Mwalimu anayesahihisha karatasi hawezi kujua kama binti aliwaza harufu ya viti.

PapaGoma

Angemuuliza. Sentensi yenyewe sio mbaya.

montreal_kitambo

Nimechelewa ila nina la kusema. Niko Montreal, hii sheria yenu ya "il est haikai na un wala le" naiona inavunjwa kila siku kwenye magazeti na vitabu. Mfano ukisoma habari za Gurnah wa Zanzibar: Il est né en 1948, il est l'auteur de plusieurs romans. Wangari Maathai: elle est la première femme africaine à recevoir le prix Nobel de la paix. Kuna l', kuna la. Sasa wote hao hawajui Kifaransa? Mimi naona mnawatisha watoto bure.

chalii_wa_njiro

Eeeh mama jibu hapo tuone

mama_kange

Karibu mwanangu. Il est né iweke pembeni, pale est inasaidia kitenzi naître, ni wakati uliopita, haielezei mtu ni nani, na c'est haiwezi kuingia hapo kabisa. Watu wengi wanaikusanya na hizi nyingine kwa sababu inaanza na il est.

Kwa l'auteur na la première femme uko sahihi, zipo na ni Kifaransa kizuri. Zinakuja kwenye maandishi ya wasifu, mtu anaelezwa aya nzima na kila sentensi inaanza na il au elle, mwandishi hataki kuvunja mwendo. Na angalia kinachofuata, ni cheo ambacho ni cha huyo mmoja, mwandishi wa vitabu fulani, wa kwanza kufanya fulani, mtoto wa fulani, il est le fils de. Hata il est l'un des meilleurs inapita. Lakini "il est un écrivain" ikisimama peke yake hivyo inakwaruza. Kwa Gurnah huyo huyo ningeandika C'est un romancier né à Zanzibar. Il est l'auteur de plusieurs romans, il a reçu le prix Nobel de littérature en 2021. Mbili zote ziko hapo na hakuna ugomvi.

montreal_kitambo

Hata "il est un écrivain qui..." nimeiona mama, imechapishwa, ikifuatiwa na maelezo marefu

mama_kange

Ipo, hasa kwa waandishi wanaopenda mtindo wa juu. Siipendi lakini siwezi kuikataza. Ila mtu wa A2 akiandika Il est un chauffeur hakuna atakayesema ni mtindo wa juu.

binti_mbagala

Nimeandika upya, naomba mniangalizie kabla sijampelekea ticha:

> Voici mon oncle. C'est Rashidi. Il est chauffeur de camion. Il est tanzanien mais il habite à Lubumbashi. C'est un homme calme. Ses amis, c'est des chauffeurs aussi. Son camion est vieux mais il est propre. J'aime mon oncle parce qu'il est gentil.

PapaGoma

Safi. Msalimie mjomba, Lubumbashi mbali na kwetu lakini tutakunywa soda siku moja.

mama_kange

Vizuri sana, umebakiza moja. Ses amis, c'est des chauffeurs. Kwa wingi kwenye karatasi andika ce sont: Ce sont aussi des chauffeurs. Au ruka yote hayo uandike Ses amis sont chauffeurs, eux aussi.

PapaGoma

Mama! C'est des kila mtu anasema, mpaka Wafaransa wenyewe kwenye runinga. C'est des gens bien. Ukiniambia ce sont des gens bien nadhani unasoma hotuba ya mazishi.

mama_kange

Mdomoni sema c'est des mpaka uchoke, nami nasema. Anaenda kwenye mtihani wa kuandika huyu mtoto, anaandika ce sont, haimgharimu kitu.

montreal_kitambo

Hapa kwetu pia c'est des tu, sijasikia ce sont toka nimefika labda kwenye barua za serikali

binti_mbagala

Basi naandika ce sont, nitasema c'est des nikiwa na PapaGoma 😅

guide_forodhani

Mi naomba kurudi kidogo. Wageni wakiniuliza c'est à quelle heure le bateau, najibu il est à huit heures. Ni sawa au ndo kosa lile lile? Maana saa nafahamu ni il est, il est huit heures

mama_kange

Hiyo il ya saa ni nyingine, haimwakilishi mtu wala boti, imewekwa tu kushika nafasi. Il est huit heures maana yake saa hivi ni saa mbili asubuhi. Boti lina saa yake, unajibu C'est à huit heures, au il part à huit heures, na hapo il ni boti kweli. Mgeni ukimwambia il est huit heures wakati yeye anauliza boti anaweza kukimbilia gatini na mabegi.

wambo254

Na siku je, il est lundi ama c'est lundi?

mama_kange

C'est lundi. Au on est lundi, hiyo ndo wanasema zaidi wakiongea.